Sisogei

"Washa lokesheni ya laivu nikuone kwenye ramani unavyokuja," wifi yangu Hellen aliniandikia.

Kwenye kuchagua muda nikaona masaa nane. Aniangalie masaa nane? Kwani mimi ng'ombe wa kuchungwa? Tena simu ilikuwa na asilimia tatu, laivu ingeimaliza. Pikipiki niliyopanda ilikuwa imepata pancha kabla ya kufika Bujora, nami nimebeba keki ya ubatizo wa mwanawe. Nikamtumia pini ya ramani ya pale niliposimama, nikaandika, "Sisogei." Simu ikazima.

Kivuli kilikuwa nyuma ya kona, lakini pini haikuwa huko. Nikabaki juani.

Baada ya nusu saa bajaji ikasimama mbele yangu. Hellen akashuka na mwavuli, akanifunika mimi kabla ya keki.

"Asante, wifi."

"Ushukuru ubishi wako," akasema. "Nilijua nitakukuta hapa hapa."