Barua ya Kwenda Lupiro

Hoteli ya Mzee Hermenegildi ilikuwa Ifakara, kando ya barabara iendayo kivukoni, na sifa yake ilikuwa moja tu: samaki wasio na miiba. Mpishi, mjane aliyeitwa Apolonia, aliwachemsha alfajiri, akawachambua kwa vidole mwiba baada ya mwiba, akawafunika kwenye sufuria wakingoja mchuzi wa mchana. Wazee wasio na meno walimwombea heri. Msimamizi wa hoteli, Melkiori, alikuwa akisema kwamba mpishi wake anamlisha mtu kana kwamba amemzaa.

Jumapili moja ya mwaka 1955, mvua za masika zikiwa zimeshika, Melkiori alirudi kutoka misa akamkuta dereva wa lori la mpunga anamngoja na barua. Ilitoka kwa Mwalimu Viktor wa Lupiro, ng'ambo ya mto. Iliandikwa kwa haraka: "Jana mchana mimi na mama tulikula samaki hapo kwako, wewe ukiwa umetoka. Hatujafika nyumbani, saa tatu hazijapita, sote tukaanza kutapika na kuhara. Mimi nimepata nafuu. Mama bado, hana nguvu. Naandika ujue."

Mama huyo alikuwa Bibi Stefania. Ndiye aliyemshika Melkiori siku ya ubatizo wake, na mama mzazi alipofariki ndiye aliyemlea mpaka akaota ndevu. Basi mtu wa namna hiyo akisikia habari kama hiyo, si anavuka mto hata kwa kuogelea? Ungedhani hivyo. Lakini Melkiori aliisoma barua mara mbili, na mara ya pili hakumwona mama tena. Aliona mashtaka.

Akaingia jikoni. Apolonia alikuwa amejifunga kitambaa kidole cha shahada, na Melkiori akakumbuka kuwa kitambaa kile kilikuwepo tangu Alhamisi.

"Hicho kidole kimepona?"

"Ni jipu tu, kaka. Linatoa usaha kidogo. Kuna nini?"

Alimweleza. Apolonia akakaa chini kwenye kigoda, mikono mapajani. "Watasema nimemlisha uchawi," akasema. "Mimi mjane, nisiye na mtoto. Watanipeleka nikanyolewe."

Hakuwa anatia chumvi. Nchi ile, mtu akiugua baada ya kula, watu hawakuuliza chakula kilikaa saa ngapi. Waliuliza nani alikipika. Mganga alikuwa akiwanyoa nywele waliotuhumiwa uchawi, na aliyenyolewa, hata nywele zikiota, jina halioti tena.

Mzee Hermenegildi naye alipoitwa alisema maneno ya mwenye mali. "Mpe pole, lakini usiseme ni sisi. Hujui. Na usiende. Ukivuka mto na unga na kuku, kesho Lupiro nzima itasema hoteli imekwenda kuomba radhi. Subiri bwana afya apime."

Sikiliza, mzee yule hakuwa mbaya, na shauri lake halikuwa baya. Kukiri jambo usilolijua ni uongo kama uongo mwingine. Melkiori alikaa mezani, akachagua maneno kama achaguaye mchele.

"Kwa Mwalimu Viktor. Tumepokea barua yako, na tumesikitika sana kwa ugonjwa uliowapata, wewe na mama. Tafadhali mgonjwa apewe maji yaliyochemshwa na uji mwepesi wenye chumvi, kidogo kidogo, mara kwa mara. Kesho asubuhi lori litafika kumchukua kumleta hospitali ya misheni, gharama juu yetu, kwa kuwa ni mgeni wetu. Chanzo cha ugonjwa bado hatukijui, wala hatusemi kuwa hamkuugua kwa chakula chetu. Tumesimamisha kupika samaki, tumeweka kando kilichobaki, na tumempelekea habari bwana afya. Ili tumsaidie, tunaomba utuandikie: mlikula nini kingine siku ile, wapi, na nani mwingine aliugua. Atakachokigundua tutakuambia, kiwe kwa faida yetu au kwa hasara yetu. Wako, Melkiori, Msimamizi."

Ilikuwa barua nzuri. Hata leo sioni neno la kufuta. Alitaka kuongeza mstari mmoja chini, wa mtoto kwa mama yake, akaona utaharibu yaliyo juu. Akaifunga, akampa dereva.

Jumatatu bwana afya alifika na baiskeli yake. Alinusa sufuria, akauliza samaki walichambuliwa saa ngapi, wakaliwa saa ngapi. Akawatafuta wengine waliokula Jumamosi, akakuta wapagazi wawili wa kivukoni nao walitapika jioni ile. Mwisho akamwambia Apolonia afungue kitambaa.

"Ni hiki," akasema. "Usaha wa jipu ukiingia kwenye chakula, na chakula kikakaa asubuhi nzima na uvuguvugu, hutengeneza sumu. Ukikipasha moto sumu haiondoki. Mama, hukulisha mtu uchawi. Usipike mpaka kidole kipone." Akayaandika hayo, akatia sahihi.

Apolonia alilia kwa uchungu na kwa nafuu pamoja. Melkiori aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Sasa alikuwa na ukweli wenye sahihi. Sasa angeweza kwenda. Lakini lori lilikuwa limeshavuka tangu asubuhi, mto umejaa, na jioni ile kivuko kilifungwa kabla lori halijarudi. Alivuka Jumanne alfajiri, na unga, na kuku, na ile karatasi.

Alifika Lupiro akawakuta wanaume wanachimba kaburi.

Mwalimu Viktor alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, amekonda kwa siku tatu kuliko wengine wanavyokonda kwa mwaka. Melkiori alipiga magoti mbele yake. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimtoka yote pamoja.

"Ndugu yangu, ni samaki wetu. Bwana afya ameandika, hii hapa. Jipu la mpishi. Nakiri mbele yako na mbele ya watu hawa."

Viktor hakuipokea karatasi.

"Tulijua ni samaki," akasema. "Tulikula nini kingine siku ile, Melkiori? Mama alijua tangu Jumamosi. Akasema, msimlaumu yule mpishi, alinichambulia miiba kwa mkono wake."

"Na lori? Nilituma lori jana."

"Lilifika. Nilimsomea barua yako, akafurahi kusikia lori. Akataka nimvalishe kanga mpya. Lilipofika akauliza, Melkiori yuko wapi? Dereva akasema, yuko hotelini. Nikamwambia, mama, twende, utamkuta huko. Akasema, hapana, mtoto hawezi kuleta lori asije mwenyewe, labda yuko nyuma anatembea kwa miguu. Tumngoje kidogo. Nilitaka kumbeba kwa nguvu, akashika mlango. Dereva alingoja mpaka akaogopa mto, akaondoka. Mama alikata roho jua linapozama."

Melkiori aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa mkeka. Alitaka kusema alikatazwa, alitaka kusema juu ya Apolonia na wembe wa mganga, na yote yalikuwa kweli.

"Barua yangu uliielewa vibaya," Viktor akasema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo Melkiori alipoanza kulia kwa sauti. "Niliandika ujue. Sikuandika ujibu."