Barua ya Kuulizia Koki

Enzi za Mwingereza, katika Singida nzima hapakuwa na mwanamke aliyepiga taipu kwa kasi kunishinda mimi, Damari. Wenye kuijua mashine ile tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa amevunjika mkono.

Huyo mwenzangu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mke wa mchungaji wa Kizungu, naye alipoona nimemaliza darasa la sita na sina haraka ya kuolewa, akaniweka mbele ya mashine na kuniambia nipige kila herufi kwa kidole chake. Nilitumia vidole vitatu. Ndivyo nilivyopata kazi kwa Mehar, Kalasinga aliyepewa kazi ya mabomba katika hospitali mpya ya misheni, upande wa Misigiri. Jina la hospitali naliacha. Wajukuu wa waliokuwapo bado wanatibiwa pale.

Mehar hakujenga kuta. Kuta zilikuwa za mtu mwingine. Yeye alikuwa na boila ya kuni, matangi, pipa kubwa la shaba la maji ya moto, na mabomba ya kupeleka maji hayo chumba cha kupasulia na chumba cha kufulia. Mambo yote hayo yalichorwa na injinia mmoja Mwingereza aliyekaa Dodoma. Alituletea vitu viwili: ramani, na kitabu cha masharti kinachosema kila bomba liwe la namna gani na lifungwe vipi. Ramani ilikaa kwa Mazengo, fundi mkuu. Kitabu kilikaa kwangu, kwa sababu kilikuwa cha Kiingereza, na Mazengo Kiingereza chake kilikuwa "yesi" na majina ya spana.

Mazengo alikuwa Mgogo wa Manyoni, mrefu, mpole, mwenye mikono ya kukunja bomba kama ukindu. Ramani aliisoma vizuri kuliko mimi ninavyosoma Zaburi. Mara mbili alikuja ofisini, kile kibanda cha mabati, akasema, "Dada Damari, nisomee kitabu kinasemaje juu ya bomba la hewa." Mara mbili nikamwambia kesho. Nilikuwa nasuka mkeka, na mkeka ukiuacha katikati unakununia.

Bomba la hewa ndilo hili: linatoka juu ya pipa la maji ya moto, linapanda ukutani, linapita dari, linainama juu ya tangi la maji baridi, na mdomo wake uko wazi. Maji yakichemka kupita kiasi, mvuke na maji yaliyofura hupata pa kutokea. Hayo nayajua leo. Siku zile nilijua mkeka.

Mehar alikuwa stesheni ya Manyoni akisubiri treni iliyobeba pipa la shaba. Waashi walitaka kufunga dari. Mazengo akachoka kungoja kesho yangu, akafunga bomba la hewa kama ramani ilivyoonyesha: kutoka darini kushuka hadi mahali pa pipa, na katikati yake, usawa wa kichwa cha mtu, koki yenye gurudumu la kuzungusha.

Siku ya tatu mkeka ukaisha. Nikafungua kitabu, fungu la thelathini na moja, nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno.

"Bomba la hewa lipande moja kwa moja hadi juu ya tangi, na lisiwekwe koki wala kizuizi chochote."

Mazengo aliketi juu ya ndoo. "Rudia."

Nikarudia.

"Ramani namba saba ina koki," akasema. "Nimeihesabu."

"Kitabu kinakataa."

"Sasa kipi mkubwa, ramani au kitabu?"

Hilo nalo liliandikwa, kule mwanzoni. Ramani na kitabu vikigombana, mkandarasi asichague mwenyewe. Amwandikie injinia, na asifunge kitu mpaka ajibiwe. Akifunga, atafungua kwa gharama yake. Mehar naye alikuwa ametuambia wote, siku ya kwanza, tukiwa tumesimama kwenye mstari kama watoto wa shule: atakayefunga kitu chenye ugomvi bila kuuliza, aende kwao siku hiyo hiyo. Alikuwa ameshamrudisha mmoja Kinyangiri.

"Ulikuwa hujui," nikamwambia Mazengo.

"Nilijua kuna kitabu," akasema. "Na nilijua nani anacho."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Afadhali angenitukana.

Mehar aliporudi nikamweleza ugomvi. Alifurahi, maana alipenda kuandika barua kuliko kula, na kuliko kwenda kutazama mabomba. Akamwita Mazengo. "Hiyo koki umefunga?"

"Bado, Bwana," akasema Mazengo.

Mehar akanigeukia. Mimi nilikuwa natia karatasi kwenye mashine, na karatasi ile ilitaka macho yangu yote.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, lakini maneno yake ni haya:

"Bwana, tunakuomba ufafanuzi. Ramani namba saba inaonyesha koki kwenye bomba la hewa la pipa la maji ya moto. Fungu la thelathini na moja la kitabu linakataza koki yoyote kwenye bomba hilo. Sisi tunaona kitabu ndicho sahihi, maana koki ikizibwa kwa bahati mbaya, pipa halina pa kupumulia. Lakini hatutaendelea bila neno lako. Tafadhali tujibu kabla ya tarehe ishirini, kwa sababu pipa limefika na waashi wanangoja. Koki hiyo bado haijafungwa."

Nakala tatu. Ile sentensi ya mwisho niliipiga polepole, vidole vitatu, na herufi zake zilitoka nyeusi kuliko zingine.

Lori la posta likaondoka nayo. Hapo ndipo Mazengo akawa mtu wa kuzunguka. Akifunga bomba kule kufulia, anaacha spana ikining'inia, anakuja kibandani.

"Lori?"

"Bado."

"Ikiwa atasema ramani ndiyo sahihi, koki inabaki, hakuna neno."

"Ndiyo."

"Na aliichora yeye mwenyewe. Mtu ataikataa ramani yake?"

"Kaka Mazengo, kanywe uji."

Hanywi. Anazunguka boila mara mbili, anarudi. Upepo wa Singida ulikuwa unatikisa mabati, na kila mabati yakilia anatoka nje kutazama barabara. Mehar akamwuliza kama ana minyoo. Mimi nami nikaanza mkeka wa pili, nikaufumua, nikauanza tena. Usiku sikuota kitu, kwa sababu sikulala.

Jibu lilikuja Jumatatu. Injinia aliandika kwa ufupi. Kitabu kifuatwe. Koki ilikuwa ya bomba la jirani, lile linaloshusha maji baridi kwenye pipa, na mchoraji wake aliiweka kwenye mstari usio wake. Ramani mpya imeambatishwa. Anashukuru kwamba tuliuliza kabla ya kufunga. Atafika Alhamisi, aone pipa kabla halijawashiwa moto.

Nilimsomea Mazengo. Nilipofika pale pa "anashukuru" akainuka, akatoka nje. Nikamfuata. Alikuwa ameshika baiskeli.

"Nahitaji bomba refu lisilo na koki, na mashine ya kukata meno ya bomba iko Kinyangiri," akasema.

"Mwambie Mehar. Sema ulifunga kabla ya kujua. Mimi nitasema nilichelewa kukusomea."

"Nilimwambia bado. Nimesema uongo mbele yake, na wewe ukaupiga taipu mara tatu."

"Mara moja. Zile mbili ni kaboni."

Hakucheka. Akapanda baiskeli.

Alirudi Jumanne jioni, magoti yamejaa vumbi, mashine imefungwa mgongoni kama mtoto. Jumatano asubuhi Mehar akaenda Singida mjini kumpokea injinia. Gari lake lilipopotea tu, sisi tukaingia chumba cha pipa. Mimi nilishika bomba, Mazengo akafungua. Koki ilishikwa na katani na ile rangi nyekundu ya kuzuia maji, ikagoma, ikalia, ikatoka. Akaweka bomba refu, akalikaza, akalipangusa. Bomba likapanda moja kwa moja kama kitabu kilivyotaka. Hata mimi, nisiyejua kitu, niliona limependeza. Koki nikaichukua ofisini, nikaiweka juu ya karatasi zisipeperuke. Nilijua hakuna mtu anayetazama kinachokandamiza karatasi.

Alhamisi wakafika. Injinia alikuwa mtu mdogo, mwenye pua iliyoungua na Kiswahili kizuri cha mtu aliyejifunza kwa watu wa kazi. Alisalimia kila mmoja, akaulizia nyumbani. Akatazama boila, akatazama pipa. Akafika kwenye bomba la hewa, akalifuata kwa macho hadi darini. "Vizuri," akasema. "Mmelifunga lini?"

"Baada ya barua yako, Bwana," akasema Mazengo.

"Baada ya Jumatatu."

"Ndiyo, Bwana."

"Na chokaa ya ukuta?"

"Wiki iliyopita," akasema Mehar kwa fahari. "Laurian ndiye mpaka chokaa wetu. Ana haraka, lakini mkono safi."

Laurian kweli alikuwa na haraka. Hakuondoa kitu wala hakupaka nyuma ya kitu. Ukuta ulikuwa mweupe wote, isipokuwa nyuma ya bomba jipya, ambapo palibaki mstari wa udongo, na katikati ya mstari huo, usawa wa kichwa, palikuwa na duara la kahawia la ukubwa wa sahani ya uji.

Sote tuliliona kwa pamoja. Mazengo alifunga macho.

"Hiki nini?" injinia akauliza.

Mimi nikajibu. "Kofia ya Laurian, Bwana. Aliitundika hapo akipaka, akasahau kupaka chini yake."

"Aliitundika kwenye msumari gani?"

Hapakuwa na msumari. Injinia akaomba kuona nakala ya barua yetu. Tukaingia kibandani. Akainua koki iliyokuwa juu ya karatasi, akaisogeza pembeni bila kuitazama, akasoma barua hadi sentensi ya mwisho. Halafu akaitazama koki. Katani ilikuwa bado kwenye meno yake, na rangi nyekundu ilikuwa mbichi. Akaichukua, akarudi nayo chumba cha pipa, na sisi nyuma yake kama watu wa msiba. Akaliweka gurudumu lake mbele ya lile duara. Likaenea, pembeni halikubaki hata unywele.

"Laurian ana kichwa kidogo," akasema injinia.

Mehar hakumtazama Mazengo. Alinitazama mimi, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Damari, sahihi ni yangu kwenye barua ile. Wewe ulijua lini?"

"Sasa hivi, Bwana," nikasema. "Kama wewe."

Mazengo akapiga hatua mbele, akavua kofia. Alitaka kuniokoa, maskini.

"Bwana, kosa ni langu peke yangu," akasema. "Usimguse dada huyu. Yeye jana alinishikia bomba tu."