Meno ya Kinu cha Mahadi

Kaka yangu Mahadi alikuwa muuza kahawa pale Kau, na kwa ukaidi hakuwa na mwenzake. Homa ilipomlaza mwaka ule, mkewe Tuneya alishika biashara, akawa akimletea kikombe kila asubuhi. Siku moja Mahadi alionja, akakirudisha.

"Chungu, tena maji matupu," akasema. "Ulimi wangu umeshatangulia, dada. Nami niko njiani."

Tangu hapo akakataa kula. Uji aliurudisha, samaki aliwapa kisogo. Nilimfokea, nikamlilia, wapi.

Mwisho nikakionja mwenyewe kikombe chake cha asubuhi. Kichungu, tena maji. Nami sikuwa na homa.

Nikamwendea Tuneya tukafungua kinu cha chuma cha kusagia kahawa, kile cha mkono kilichotoka Lamu. Ndani kulinuka samli iliyochacha. Tuneya akainamisha macho.

"Ni Batula, wifi, yule Muorma muuza maziwa. Buni zao huzikaanga kwa samli wakazitafuna nzima. Mkwewe hana meno, akaniomba nimsagie."

Wema nao una gharama. Tulisugua meno ya kinu kwa kumbi kavu la nazi, tukapangusa kwa kitambaa. Maji hatukutia, chuma kisishike kutu. Harufu ikaisha, lakini kahawa ikabaki ileile. Nikamimina ya kusagwa kiganjani: unga na vipande pamoja. Unga ndio uliotoa uchungu, vipande havikutoa kitu. Mpini ulizungushwa mpaka mkono ukachoka, na kahawa ikatoka ya moto kwa kusuguliwa. Nikapitisha ukucha kwenye meno, ukateleza. Yalikuwa yamekwisha makali.

Tulijaribu kutwanga kwenye kinu cha mti, tukapata unga na vipande vilevile.

"Si ulimi wako, Mahadi, ni kinu," nikamwambia.

"Mnanifariji tu," akajibu, akageukia ukutani.

Tukaagiza Lamu meno mapya. Tuneya alitaka tuagize kile kipande cha kati kinachozunguka tu. Nikakataa, maana pete ya meno inayokizingira ilikuwa imelika pamoja nacho, na kipya hakikai na kikuukuu. Jahazi la kuyaleta likachelewa. Kaka yangu akazidi kukonda, mbavu zikahesabika, nami nikawa namchukia kwa kumpenda.

Meno yalipofika tulisaga konzi ya kwanza tukaimwaga, itoke na mafuta yaliyopakwa dukani. Ya pili ikatoka sawasawa, chembe zote ndugu. Tuneya akaipika, nikampelekea.

Alikunywa. Akanywa tena. Kisha akalia.

"Kumbe ulimi wangu ungali mzima," akasema. "Dada, nipikie wali wa nazi."

Nilikimbia jikoni kama msichana. Tonge la kwanza alilitafuna mpaka likawa uji, koo likalikataa. La pili pia. Alinitazama kwa haya, mkono wake ukitaka la tatu, nami nikamfuta kidevu.

Tulimzika keshoye. Kile kinu Tuneya bado anacho, na kinasaga vizuri sana. Kikianza kusaga, mimi huondoka.