Salamu za Demetria

Adhuhuri ya Keko huwa na usingizi wake. Misumeno hunyamaza, mafundi hujinyoosha juu ya mbao, na vumbi la randa hubaki likielea kwenye mwanga wa dirishani, halitui wala haliendi. Katika ofisi ya juu ya karakana, Munira alikuwa anaelea nalo. Yeye ndiye aliyeshughulikia ajira, na simuni mwake zilimsubiri salamu za kumpokea mhasibu mpya, Demetria wa Tabora.

Demetria alikuwa hajakubali bado. “Dada Munira, kazi naipenda,” alisema kwenye simu, kwa sauti iliyotoka mbali. “Ila Dar sina mtu. Hata wa kunigombeza sina. Nipe mpaka Ijumaa.” Munira alitamani aje, alitamani mno, kwa sababu mhasibu aliyetangulia aliingizwa moja kwa moja kwenye kundi la simu la ofisi, akakutana na “karibu jehanamu”, akaondoka hata kiti hakijapata joto. Ndipo bosi, Didas, akatoa amri: wote waandike salamu zao, Munira azisafishe, ziende kwa mgeni kama ujumbe mmoja wenye adabu.

Basi wakaandika, na waliandika kama wao. Suhaib, dereva: “Mambo vipi sista, karibu kwa wendawazimu.” Hamisa wa mauzo: “Karibu shosti, chai yetu maji matupu ila umbea upo wa kutosha.” Na Mzee Mwishehe, fundi wa vanishi: “Nasikia Mnyamwezi. Afadhali, mtumwa wangu kapatikana. Aje na mizigo yangu kichwani.”

Munira alicheka peke yake. Kisha akazisafisha. Maneno mazuri yalimjia polepole, moja likilivuta jingine, na kwa kitambo alijiona anamtandikia mgeni shuka jeupe. Suhaib akawa “anakukaribisha katika timu changamfu”. Hamisa “anakualika kwa chai pamoja na wenzako”. Mwishehe alimsumbua. Alijua fika kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, lakini neno mtumwa, kwenye barua yenye nembo ya kampuni? Akaandika: “Bwana Mwishehe anakuahidi ushirikiano wa dhati.” Akatuma, moyo mweupe kabisa.

Jibu lilikuja siku ya pili. “Nashukuru sana. Naona ni ofisi ya watu wakubwa, wenye heshima zao. Sidhani kama nitaweza kuzoea. Samahani dada.”

Munira alisoma, akasoma tena, na roho ikamwuma. Alikuwa amemnyima yule dada kitu kimoja tu alichokiomba: mtu wa kumgombeza. Akashuka karakanani, ujumbe wake mzuri mkononi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu.”

Akamsomea sehemu yake. Mwishehe aliweka brashi chini.

“Ushirikiano wa dhati? Huyo nani? Mie nimemwita mtani wangu, wewe umenifanya diwani anaomba kura!” Halafu akapoa, akatazama meza aliyokuwa akiipaka. “Sie mtani ndio ndugu, Munira. Nikifa leo, yeye ndo atakayenichekeshea wanangu msibani. Ungemwambia hivyo tu.”

Basi Munira alikaa papo hapo, juu ya stuli isiyo na vanishi, harufu ya tina ya kuzimulia vanishi ikimlevya kidogo, akaandika upya. Safari hii hakufuta watu. Aliandika kwamba Suhaib anaahidi vicheko vingi kuliko alivyozoea. Kwamba Hamisa anaungama chai yao ni nyepesi, ila mazungumzo yake ni mazito. Na kwamba: “Mzee Mwishehe ni Mzaramo. Amefurahi kusikia unatoka Tabora, na ameomba akupokee mwenyewe, kama mtani anavyompokea mtani. Matusi yake ya utani ameyaandaa. Hayaandikiki hapa, utayasikia kwa mdomo wake. Barua ya kwanza niliipamba mno, unisamehe. Watu wetu ndio hawa.”

Akatuma. Randa zikaanza tena kuvuma, mchana ukajikokota. Simu ilipolia, Munira aliogopa kuitazama.

“Soma,” Mwishehe alisema.

Akamsomea jibu la Demetria kama lilivyoandikwa, bila kusafisha hata neno. “Mwambieni huyo Mzaramo akome. Sie tulitembea kutoka Tabora hadi pwani, yeye kazaliwa hapo hapo na bado kachoka. Jumatatu naripoti. Nikimkuta amekaa, nitamwuza.”

Mzee Mwishehe alicheka mpaka akalazimika kushika meza, na vanishi mbichi ikamganda viganjani. Aliitazama mikono yake, machozi yakimlengalenga.

“Kumbe anakuja,” alisema.