Kipindi cha fidia cha Jumamosi

Jamani, mimi nimechoka. Niseme tangu mwanzo, ili mtu asije akadhani nilifanya yale kwa roho mbaya. Ukuu wa idara kwenye chuo kidogo kama chetu, hapa Tunduma, njia ya Mpemba, maana yake ni kwamba unafundisha kama wenzako, halafu wenzako wakienda nyumbani wewe unabaki na ratiba, mahudhurio, malalamiko na ufunguo wa choo cha wageni. Idara yangu ni ya Usafirishaji na Forodha. Wanafunzi sitini na wawili mwaka wa pili, na kila mmoja ana sababu yake.

Wiki ile Mwalimu Nikodemo alifiwa na baba yake, huko Ikinga, Ileje. Alinipigia Jumatano jioni, sauti imemkauka, akaniambia anaondoka alfajiri. Nikampa pole, nikamwambia asiwaze kipindi chake cha Alhamisi, nitakifuta na kukifidia mwenyewe. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, viatu nimevua, ugali uko mezani unapoa. Nikachukua simu nikaandika imeili hapo hapo.

*Kwa wanafunzi wote wa mwaka wa pili. Kipindi cha Taratibu za Forodha cha kesho Alhamisi tarehe 12, saa 4:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, HAKITAKUWEPO. Mwalimu Nikodemo amefiwa na baba yake. Kipindi cha fidia kitafanyika Jumamosi tarehe 14, saa 2:00 hadi saa 4:00 asubuhi, chumba namba 4. Nitafundisha mimi. Mahudhurio yatachukuliwa. Mlango utafungwa saa 2:15. Mwaliko wa kalenda umeambatishwa, ukubali ili simu ikukumbushe. Enesi, Mkuu wa Idara.*

Nani angesema haieleweki? Niliisoma mara mbili, nikaridhika nayo. Nikatengeneza na ule mwaliko wa kalenda, nikautuma kwa wote, nikala ugali wa baridi.

Sasa nieleze ugomvi wangu na wanafunzi hawa. Imeili hawasomi. Unatuma tangazo, anafungua mmoja, naye ni Lusubilo, kiongozi wa darasa. Lusubilo anapiga picha ya skrini, anaitupa kwenye grupu la WhatsApp, na wengine sitini na mmoja wanasoma huko, kati ya vichekesho na picha za harusi. Siku picha ikikatwa vibaya, darasa zima linakwenda chumba kisicho chake. Mwezi uliopita niliwagombeza nusu saa nzima. Nikasema, "Taarifa ya idara ni imeili. Anayetegemea grupu atabeba msalaba wake mwenyewe." Nikamnyooshea kidole binti mmoja wa mstari wa mbele, Mwajuma, kwa sababu tu alikuwa karibu. Nikamuuliza, "Umenielewa wewe?" Akasema, "Nimekuelewa, madam."

Mwajuma ni binti wa watu wa Tanga waliohamia hapa Tunduma; baba yake dereva wa malori ya Zambia, mama anauza vitenge. Muhula ule alikuwa ameumwa, akakosa vipindi vitatu. Sheria yetu haina huruma: vipindi ni kumi na tano, asiyefikisha kumi na viwili hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani anarudia mwaka. Ukitoa vile vitatu, alibaki na kumi na viwili kamili, tena kwa kuhesabu na kile cha Jumamosi. Akikosa hicho, basi. Nilijua, maana karatasi ya mahudhurio ninaijaza mimi.

Jumamosi saa mbili kasorobo niko chumba namba 4. Wakaingia mmoja mmoja, wanapiga miayo. Saa mbili na robo nikafunga mlango. Mwajuma hayupo. Moyoni nilisikitika kidogo, nisidanganye, lakini nikasema haya, amejitakia. Nikaanza kufundisha.

Saa tatu kasoro dakika kumi mlango ukagongwa. Nikafungua. Mwajuma amesimama, daftari kifuani, ushungi umenyooka, hata jasho hana. Kilichonichoma ni hicho. Mtu amechelewa zaidi ya nusu saa, halafu ametulia utadhani amekuja kuchukua picha ya pasipoti.

"Shikamoo, madam."

"Saa ngapi hii?"

Akatazama simu yake. "Tatu kasoro kumi, madam. Nimewahi..."

"Umewahi!" Darasa likaangua kicheko. "Umewahi kipindi cha wiki ijayo?"

"Madam, ile imeili..."

"Imeili niliituma Jumatano! Imesema saa mbili, imesema mlango unafungwa. Kama huwezi kusoma, kaa nyumbani."

"Lakini nilikuandikia, madam."

"Rudi nyumbani, Mwajuma."

Nikafunga mlango. Kweli, niliufunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Saa sita nikapeleka orodha ofisi ya mitihani, kwa Mzee Zahoro. Mbele ya jina la Mwajuma niliandika kumi na moja, na Mzee Zahoro akalipiga mstari kwa rula.

Jioni niko nyumbani, miguu kwenye beseni la maji moto, nikakumbuka rambirambi ya Nikodemo. Alikuwa amenitumia jina la mtu wa kupokea michango, nikawa silioni kwenye meseji. Nikasema labda alituma kwa imeili. Nikafungua sanduku langu, nikakuta barua elfu moja na mia moja na kitu ambazo sijazisoma. Msinicheke. Wizara inatuma, chuo kinatuma, wauza madawati wanatuma. Mimi nikishatuma zangu, nafunga.

Nikaanza kushuka nazo moja moja, nikaikuta. Alhamisi, saa tano na dakika arobaini asubuhi. *Mwajuma amekubali mwaliko wako.* Kati ya watu sitini na wawili, mmoja. Chini yake kulikuwa na maneno yake:

*Shikamoo madam. Poleni kwa msiba. Naomba kuuliza, barua inasema saa 2:00 lakini mwaliko kwenye simu yangu unaonyesha saa 3:00. Tufuate ipi? Nisipopata jibu nitafuata mwaliko, kwa sababu umesema tuukubali. Asante.*

Nilitoa miguu kwenye maji.

Wenyeji wa Tunduma mnajua tayari. Kwangu ni hatua chache tu na mpaka, dirishani naona mabati ya Nakonde, upande wa Zambia. Simu yangu ikifika nyumbani inadaka mnara wa Zambia, na saa yake inarudi nyuma saa nzima, kwa kuwa Zambia wako nyuma yetu. Nimezoea, ndiyo maana navaa saa ya mkono, ile ya simu siitazami hata. Lakini mwaliko niliutengenezea nyumbani, kwenye simu. Niliweka saa mbili, na simu ikaandika saa mbili ya Zambia. Ilipofika kwa mtu ambaye simu yake iko kwenye saa za Tanzania, ikawa saa tatu. Wale wa grupu hawakupata shida, maana Lusubilo alipiga picha ya barua tu. Aliyeumia ni yule mmoja aliyefanya kila nilichosema: akafungua, akasoma, akakubali mwaliko, akaona kasoro, akauliza. Mkuu wa idara ndiye hakusoma imeili.

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa msichana. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Enesi, wewe ni mtu wa ovyo."

Nikampigia Mzee Zahoro. Akanisikiliza, akakohoa, akasema, "Madam, orodha nimeshaisaini. Nitakusaidia hivi: mfundishe kipindi hicho, asaini mahudhurio, uniletee na barua ya maelezo inayosema kosa ni la nani. Kabla ya Jumatatu saa kumi jioni. Saa kumi na moja orodha inakwenda kwa mkuu wa chuo, na hapo mimi simo."

"Kosa ni langu, Mzee Zahoro."

"Ndiyo uandike hivyo hivyo, mama."

Nikamwandikia Mwajuma. Kwanza saa ya simu nikaiweka sawa kwa mkono. *Mwajuma, nisamehe. Kosa la saa lilikuwa langu, na barua yako sikuisoma. Kipindi chako cha fidia ni Jumatatu tarehe 16, saa 7:00 mchana hadi saa 9:00 alasiri, saa za Tanzania, chumba namba 4. Ukihudhuria, utafanya mtihani. Tafadhali nijibu.* Nikatuma, nikakaa naitazama simu. Kimya. Nikapiga namba yake, haipatikani. Jumapili asubuhi, kimya. Kanisani sikusikia mahubiri, mkono uko kwenye mkoba, juu ya simu. Nikatoka nikampigia Lusubilo, akanielekeza duka la mama yake Mwajuma.

Nilimkuta anakunja vitenge. Mama yake alinitazama juu mpaka chini, akasema "karibu" ya shingo upande, akaingia ndani. Mwajuma akasimama.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Umeipata imeili yangu?"

"Imeili nimeitoa kwenye simu, madam. Laini nayo nimebadilisha." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Baba amesema kama ni kurudia mwaka, basi nikae dukani."

Nikamweleza yote, nimesimama katikati ya vitenge. Mnara wa Zambia, mwaliko, barua yake niliyoikuta jana miguu ikiwa kwenye beseni. Sikujipunguzia. Nikamwambia wewe ulifanya sawa, mimi ndiye niliyekosea, tena nikafanya uchekwe na wenzako. Nisamehe. Nikamtajia Jumatatu, saa saba mchana hadi saa tisa, na Mzee Zahoro anavyosubiri.

Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea labda atalia, au atafurahi, mimi nipate kupumua. Aliinama chini ya meza, akatoa daftari la mauzo la mama yake, akachana ukurasa mmoja, akaniwekea mbele yangu na kalamu juu yake.

"Naomba uniandikie, madam," alisema. "Siku, saa, chumba. Useme ni saa ya wapi. Halafu usaini."

Miaka kumi na tisa nafundisha. Nikaegemea ile meza, nikaandika kila neno alilotaka, taratibu, yeye akifuatisha kwa macho kuhakikisha. Nikasaini. Akaichukua karatasi, akaisoma tena tangu juu, akanirudishia.

"Na jina kamili, madam."

Nikaandika jina kamili.