Waya wa Darini Siku ya Arafa

“Haijazaliwa TV ya kuganda mbele yangu ikamaliza robo saa,” alisema Abdulatif, fundi wa intaneti, huku akivua viatu mlangoni kwa Bibi Mwanaasha, kule Bigwa, Morogoro, chini kabisa ya mlima Uluguru. Shikamoo aliikumbuka baada ya kujisifu, na bibi akaipokea hivyo hivyo.

“Marahaba. Na hiyo robo saa inaanza sasa?”

“Imeshaanza, bibi.”

Ilikuwa saa nne kasoro robo asubuhi, siku ya Arafa. Sebuleni, kwenye TV kubwa ukutani, mahujaji walitembea sekunde tano, wakaganda. Katikati yao kikatokea kiduara, kikazunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mzee mmoja aliganda mguu juu. Abdulatif akataka kumtania, akamwona bibi anavyomtazama yule mzee, akaumeza utani wake.

Maana Mzee Yunusi, mume wake, alikuwa huko. Miaka arobaini na mmoja walikuwa wakisali pamoja kwenye sebule hii hii, yeye mbele, bibi nyuma. Safari walikuwa waende wawili, lakini magoti ya bibi yakagoma. Usiku wa kuamkia safari mzee akamwambia, “Hotuba ya Arafa ikiisha, tukiinua mikono kule, na wewe inua hapa. Dua ziondoke pamoja.” Saa za Makka na za Morogoro ni zile zile, kwa hiyo hotuba ingeanza saa sita na ushee. Bibi hakutaka kuja kuhadithiwa. Alitaka kusimama.

“Kifurushi ni cha mega mia,” alisema Shakila, mjukuu, mwanafunzi wa kidato cha nne, ambaye likizo hii ndiye aliyekuwa waziri wa mawasiliano wa nyumba. “Na tunalipia kila mwezi. Sasa hizo mega zinaishia wapi?”

“Twende tukazitafute.”

Ruta, kifaa cha kugawa intaneti, ilikuwa mbele ya nyumba, dukani kwa mzee, juu ya rafu ya sabuni. Abdulatif akasimama chini yake, akapima kasi kwa simu: tisini na nne. Akarudi sebuleni, akapima mbele ya TV: nne, kisha mbili, kisha nne na nusu. Kati ya duka na sebule zilikuwepo kuta tatu za mawe ya mlimani, alizojenga babu yake bibi, nene kiasi cha paka kulala dirishani na kujinyoosha.

“Umeona?” akasema. “Hadi dukani mna barabara ya lami. Kutoka dukani mpaka hapa ni njia ya Matombo wakati wa masika. Hata mkinunua mega elfu, zitakwama kwenye tope lile lile.”

“Tufanyeje?”

“Njia ni tatu. Kuvuta waya, kuhamisha hiki kiboksi kinacholeta picha, au kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Kuvuta waya ni kazi ya watu wasio na akili. Mimi nina hivi.”

Akatoa mkobani vijisanduku viwili vyeupe vya kuchomeka ukutani. Kimoja kinakaa karibu na ruta, kingine karibu na TV, vinaongea kupitia umeme wa nyumba. Akavichomeka vyote sebuleni kuonyesha, taa za kijani zikawaka zote. Bibi akasema subhanallah, taratibu, na Abdulatif akarefuka kidogo.

Kimoja akakipeleka dukani, akakiunga na ruta. Akarudi. Taa ya kuonyesha kwamba vimeonana haikuwaka. Akabadilisha tundu. Akachomoa friji. Akakitoa kimoja kwenye kifaa cha kuzuia umeme mwingi, kwa sababu vifaa hivyo huchuja hata intaneti. Hakuna. Saa tano ikagonga.

“Robo saa ya wapi hiyo, fundi?” aliuliza Shakila. “Saa nzima imepita.”

“Umeme wenu una matatizo.”

“Upi? Duka lina mita yake ya LUKU na nyumba ina yake. Babu alizitenganisha ili friji la soda lisile umeme wa bibi. Wiki iliyopita yuniti za huku ziliisha tukakaa gizani, dukani kunawaka.”

Abdulatif akakitazama kijisanduku mkononi. Mita mbili za umeme, kila moja na mzunguko wake. Alikuwa akijaribu kuwaongelesha majirani wawili wasio na mlango wa kupitiana, na swali la kuuliza kabla ya kazi hakuliuliza.

“Nilikuwa nakupima kama utajua,” akasema.

“Sawa, mwalimu.”

Akachukua kile kiboksi na TV ndogo ya dukani, akaviunga na ruta kwa kiwaya kifupi. Picha ikatiririka, safi, haikukwama hata mara moja. Basi laini haikuwa na kosa, wala kiboksi. Lakini waya wa picha wa kutoka kwenye kiboksi ulikuwa wa mita moja na nusu, na TV ya sebuleni ilikuwa mbali.

“Bibi uje uangalie huku dukani,” akasema Abdulatif. “Tutakuwekea kiti.”

Bibi akatazama magunia ya mchele, kreti za soda na mteja aliyekuwa anasubiri chumvi. “Mwanangu, mimi na mzee tumekuwa tukisali kule ndani. Atanitafuta kule.”

Ilibaki njia ya wasio na akili. Kutoboa mawe yale kungekula siku nzima, lakini kuta zile hazikufika kwenye bati; juu ya dari palikuwa wazi mwanzo hadi mwisho. Akapanda na roli la waya, akatambaa kwenye vumbi na kinyesi cha popo, Shakila akimwelekeza chini kwa kugonga dari na mpini wa fagio. Mita ishirini na tatu. Akashuka mweupe kama aliyetoka kusaga unga, akafunga vichwa vya waya. Kipimo kikaonyesha uzi mmoja haujashika. Akakata, akapanga nyuzi upya kwa rangi zake. Saa sita na dakika kumi na tano.

Akachomeka kwenye ruta. Akachomeka kwenye kiboksi.

Kiduara kilizunguka nusu mzunguko, kikaondoka.

Uwanda wote ulikuwa mweupe kwa watu, mpaka mwisho wa jicho, na kilima cha Arafa katikati yao kimefunikwa hata jiwe halionekani. Watu wa kila rangi, nguo ya aina moja, na sauti yao si kelele, ni kama mvua inayokuja kutoka juu ya Uluguru kabla haijafika kwako. Abdulatif alikuwa amepima mega maisha yake yote. Hakuwahi kufikiri kwamba ndani ya mega hizo hizo wanaweza kupita watu wote hawa, mmoja wao akiwa anamfikiria mwanamke wa Bigwa.

Hotuba ikaisha. Mahujaji wakasali. Mikono ikaanza kuinuka, kwa maelfu, kama shamba linaloinuka lenyewe. Bibi Mwanaasha akajishikiza kwenye kiti, akasimama juu ya mswala wake, hatua moja nyuma ya mahali pa mzee, akainua ya kwake. Midomo ikacheza. Magoti yakatulia.

Abdulatif akajipenyeza upesi pembeni ya kabati, uso ukutani. “Nakagua kichwa cha waya,” akanong’ona. “Kinaweza kulegea.”

Shakila akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini ili asimkatize bibi.

“Fundi. Waya uko upande huu. Na huwa unakaguliwa kwa kufumba macho na kuinua mikono?”