Akiba ya Siku Tano

Kufikia karatasi ya tisa, mwalimu alikuwa ameacha kukasirika. Kukasirika nako kunataka nguvu, na zake zilikuwa zimeisha tangu Jumatano. Aliivuta karatasi ya kumi, akafungua swali la nne, akakuta kosa lile lile.

Lilikuwa swali la kawaida la usimamizi wa miradi, kwa Kiingereza kama mitihani yote ya chuo. Vyoo vya nje vinajengwa kwa siku ishirini. Ukumbini, kuanzia siku hiyo hiyo, fundi umeme anafanya kazi siku sita, kisha fundi rangi siku tisa. Vyote vikikamilika, jengo linakabidhiwa. Kila fundi anaweza kuchelewa siku ngapi? Wanafunzi walikuwa wameandika kwamba fundi umeme achelewe tano na fundi rangi naye achelewe tano, na makabidhiano yabaki siku ya ishirini. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili ingewaumbua: sita na tisa ni kumi na tano, ukiongeza kumi unapata ishirini na tano.

Karatasi ya kumi ilikuwa ya Mama Rangi. Mwanamke huyu alikuwa amepaka rangi nyumba za watu kwa miaka kumi na minane, na sasa ana kikosi chake cha mafundi. Huu ulikuwa mtihani wake wa mwisho wa marudio. Akianguka, anaondolewa chuoni, na mwalimu alipojumlisha alama aliona ameanguka kwa tatu.

Alimwita ofisini. Mama Rangi alikuja na viatu vyenye madoa ya chokaa, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekwisha kusikia habari. Mwalimu hakuzunguka mbuyu. Alimuuliza, huko kazini kwake, fundi umeme akishazila zile siku tano, yeye anabakiwa na ngapi.

"Mimi? Hata moja sibakiwi. Yeye anachelewa, anayetukanwa ni mimi."

"Sasa mbona hapa umejipa tano nyingine?"

Mama Rangi alitoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwalimu aliitambua kabla haijafunguka. Ilikuwa orodha yake mwenyewe ya maneno ya mradi kwa Kiswahili, aliyowaandikia kwa sababu walikuwa wakikariri Kiingereza kama kasuku. Mipaka ya kazi: yale tuliyokubaliana kufanya, na yale tusiyoyafanya. Mnyororo mkuu: kazi zinazofuatana kwa muda mrefu kuliko zote, ukichelewa humo siku moja, mradi mzima umechelewa siku moja. Kisha, muda wa akiba: siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kuchelewesha mradi. Kila kazi iliyo nje ya mnyororo mkuu ina akiba yake.

Sentensi ile ya mwisho aliiongeza akiwa hoi, eti wapate kuelewa zaidi.

"Mwalimu, jibu nilikuwa nalijua," Mama Rangi alisema taratibu. "Nikaacha ninachokijua, nikafuata ulichoandika wewe."

Mwalimu aliona aibu, aibu ya kweli ya kumfanya mtu atazame chini. Ilikuwa rahisi kumwongezea alama tatu na kunyamaza. Lakini wengine tisa je? Na mkuu wa idara hakuipenda orodha hiyo ya Kiswahili tangu mwanzo. Alisema itawadumaza wanafunzi. Kumwambia ukweli ni kumpa mpini wa kisu.

Alikwenda hata hivyo. Mkuu alisoma, akauliza nani aliyekosea. Mwalimu akajibu kwamba ni yeye. Mkuu akaamua wote kumi warudie swali hilo Jumatatu kwa hesabu mpya, na orodha isirudi darasani mpaka ikaguliwe na mtu anayeijua kazi yenyewe. Kwa ukaguzi huo alimpa mwalimu siku tano, Jumatatu hiyo hadi Ijumaa.

Jumatatu, Mama Rangi alilijibu swali kwa mistari miwili, akafaulu. Chini yake, bila kuulizwa, aliandika kwa Kiswahili: akiba ni ya wote walio kwenye foleni; wa mbele akiila, wa nyuma hana.

Jumatano mwalimu alimfuata kwenye ngazi, orodha mkononi, akamwambia mkaguzi ameshapatikana.

Mama Rangi aliipokea, akaitazama, akamtazama na mwalimu mwenyewe, mwenye macho mekundu na kalamu nne mfukoni.

"Nina siku ngapi?"

"Tano."

"Zangu mwenyewe, au tunagawana?"

"Tunagawana," mwalimu alisema. "Na mimi nimeshakula mbili."